Kutoka malai yaliyochachuka hadi samli isiyoharibika: mwongozo kamili

Malalamiko yanayorudi kila mara kuhusu kazi hii ni mawili. La kwanza ni la mtu aliyesukasuka malai saa nzima, mikono ikamuuma, na siagi isitoke. La pili ni la aliyepata siagi akaiyeyusha vizuri, lakini baada ya wiki tatu akafungua chupa na kukuta samli yake inanuka jibini lililooza. Karibu mara zote, kosa la kwanza linatokana na joto la malai wakati wa kusukasuka, na la pili linatokana na maji yaliyobaki ndani ya samli au yaliyoingia baadaye. Kwa hiyo nitakaa muda mrefu kwenye mambo hayo mawili, na mengine nitayapitia kwa haraka.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: lita 12 za maziwa ya ng'ombe wa kienyeji, zilizokusanywa kwa siku nne, lita 3 kila siku. Ng'ombe hawa hutoa maziwa machache, lakini mafuta yake ni mengi, mara nyingi kama asilimia 5, wakati ya ng'ombe wa kisasa wa maziwa huwa karibu asilimia 3.5. Anayetumia maziwa ya ng'ombe wa kisasa ategemee mazao pungufu kwa takriban theluthi moja.

Kuhusu majina, maana yana utata kutoka mkoa mmoja hadi mwingine: hapa, maziwa ya mgando ni maziwa mazima yaliyoganda kwa kuchachuka, na mtindi ni yale majimaji meupe yanayobaki baada ya siagi kutolewa.

## Vifaa na mahitaji

- Maziwa lita 12, au malai lita 1.5 yaliyokwisha kuenguliwa.
- Maziwa ya mgando mapya, vijiko vikubwa 3, yasiyo na sukari wala ladha ya kuongezwa.
- Chombo kipana cha kutegea malai, na upawa mpana usio na kina.
- Chupa au mtungi wenye mdomo mpana na mfuniko usiovuja, wa ujazo wa lita 3 hadi 4. Kibuyu kinafaa pia, ila anayejifunza atumie chombo kinachoonesha ndani.
- Kipimajoto cha jikoni. Asiyekuwa nacho atapata dalili za kutumia mahali pake.
- Chujio la waya, bakuli pana na mwiko wa mti.
- Maji safi lita 4, yaliyochemshwa na kupozwa.
- Sufuria yenye kitako kizito, inayoweza kubeba angalau mara tatu ya siagi yako.
- Kitambaa cheupe cha pamba, kilichofuliwa na kukauka kabisa.
- Chupa ya kioo yenye mfuniko, ya mililita 400 au zaidi kidogo.

Onyo kuhusu maziwa ya pakiti: mengi yamepitishwa kwenye mashine inayopasua matone ya mafuta yakawa madogo mno, na matone hayo hayapandi juu hata ukiyategea siku mbili. Ukikosa maziwa ya kukamuliwa, nunua malai yenyewe, usihangaike na pakiti.

## Hatua ya 1: Kuengua na kukusanya malai

Chuja maziwa mara baada ya kukamua, yamimine kwenye chombo kipana, funika, kisha yaache yatulie mahali pa baridi kwa saa 12 hadi 24. Jokofu ndilo bora. Bila jokofu, weka chombo ndani ya beseni la maji baridi mahali penye upepo, na uengue baada ya saa 10 au 12, kwa sababu kwenye joto maziwa huganda kabla mafuta hayajamaliza kupanda, na malai yaliyonaswa kwenye mgando hayaenguliki.

Engua kwa kuuteleza upawa juu juu. Usiwe na tamaa ya kuchota kwa kina, kwani kila tone la maziwa unalochota pamoja na malai huyafanya malai kuwa mepesi, na malai mepesi husumbua kutoa siagi. Malai mazuri huacha tabaka nene mgongoni mwa kijiko. Katika mfano wetu, kila lita 3 zilitoa kama mililita 375 za malai, na kwa siku nne zikapatikana lita 1.5. Maziwa yaliyobaki chini yachemshwe na kunywewa kama kawaida.

Malai ya kila siku yapashwe moto siku hiyohiyo. Weka bakuli la malai ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, koroga polepole hadi yafike nyuzi 80 au 85, yaani mvuke unapanda na vipovu vidogo vinaonekana pembeni, lakini malai yenyewe hayajachemka. Yashikilie hapo dakika tano, kisha yapoze haraka ndani ya maji baridi na kuyaweka kwenye jokofu.

Sababu ni mbili. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na vya homa ya kutupa mimba, na kuchachuka peke yake hakuviondoi kwa uhakika. Pili, ndani ya maziwa mabichi mna kimeng'enya kinachovunja mafuta polepole na kuleta ladha ya sabuni. Joto hilo hukiua. Ukiruka hatua hii, samli itakuwa imeanza kuharibika kabla hata hujawasha jiko.

## Hatua ya 2: Kuchachusha

Subiri hadi malai ya siku zote nne yawe tayari, kisha changanya yote pamoja kwa mara moja. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Watu wengi huwa na chupa ya malai yaliyochachuka, na asubuhi ya kusukasuka wanaongeza malai mapya ya jana. Malai yaliyochachuka na yasiyochachuka hayatoi siagi kwa wakati mmoja. Yale machachu hutangulia, wewe unaona chenga na kuacha kusukasuka, na mafuta ya yale mapya yanaondoka na mtindi. Asiye na jokofu anaweza kukusanya malai yakiwa yanachachuka, lakini asizidishe siku tatu, na malai ya mwisho yaingie angalau saa 12 kabla ya kusukasuka.

Acha malai yafike joto la kawaida la chumba. Ongeza vijiko 3 vya maziwa ya mgando, yaani vijiko 2 kwa kila lita, ukoroge taratibu hadi yachanganyike. Usiongeze mgando kwenye malai yenye moto usiovumilika kwa kidole, kwa kuwa bakteria wanaochachusha watakufa, na bila wao malai hayatachachuka, yataoza tu.

Funika kwa kitambaa safi. Pwani, kwenye nyuzi 28 au 30, saa 8 hadi 12 zinatosha. Kwenye nyanda za juu zenye ubaridi, saa 16 hadi 20, na wakati mwingine zaidi.

Malai yaliyokuwa tayari yamekuwa mazito na yanang'aa. Ukiinua kijiko, yanashuka kama uji mzito wa lishe, na harufu yake ni ya uchachu safi unaotamanisha. Yakiwa na mapovu yanayopanda kutoka chini, yakinuka hamira, au yakiwa na madoa ya rangi ya waridi au ya kijani, mwaga. Hakuna hatua ya baadaye itakayoyasafisha.

Uchachu una kazi zaidi ya ladha. Asidi huudhoofisha utando wa protini unaolizunguka kila tone la mafuta, hivyo matone hushikana kwa urahisi, na mafuta yanayopotea kwenye mtindi huwa machache.

## Hatua ya 3: Kupoza malai kabla ya kusukasuka

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Ndani ya malai, mafuta yamo kama matone madogo sana. Ili matone yagandamane yawe siagi, sehemu ya mafuta ndani ya kila tone lazima iwe imeganda na sehemu nyingine ibaki laini. Ile iliyoganda hutoboa utando wa tone, na ile laini huwa gundi. Malai yakiwa ya moto, mafuta yote ni kimiminika, na kusukasuka kunayageuza tu kuwa ute wa mafuta. Yakiwa ya baridi kupita kiasi, matone yamekuwa magumu kama changarawe, yanagongana bila kushikana, na unapata povu lisilokwisha.

Malai yakishachachuka, yaweke kwenye jokofu saa 6 au usiku mzima. Muda huo hauepukiki, kwa sababu mafuta huganda polepole hata baada ya malai kuwa ya baridi. Malai yaliyopozwa kwa barafu nusu saa tu huonesha joto sahihi kwenye kipimajoto, lakini ndani yake mafuta bado hayajawa tayari.

Kisha yatoe na kuyaacha yapande hadi nyuzi 13 au 14. Kwa maziwa ya ng'ombe wa kienyeji, ambayo mafuta yake ni magumu kidogo, nyuzi 15 au 16 zinakubalika. Bila kipimajoto, chukua tone kwenye upande wa ndani wa kifundo cha mkono: liwe baridi kama maji ya mtungini asubuhi, lisiwe baridi la kuuma.

Asiye na jokofu asimamishe chombo usiku kucha ndani ya beseni la maji, akikizungushia gunia lililoloweshwa, asukesuke alfajiri kabla jua halijachomoza. Siagi yake itakuwa laini zaidi, lakini itatoka.

## Hatua ya 4: Kusukasuka

Jaza chombo hadi theluthi, na kamwe kisizidi nusu. Malai yanahitaji nafasi ya kuanguka na kujipiga. Kwa lita 1.5 tulitumia mtungi wa lita 4. Chombo kilichojaa sana ni sababu ya pili, baada ya joto, ya watu kusukasuka bila mafanikio.

Funga mfuniko, tikisa kama mara 20, kisha fungua kidogo utoe hewa. Malai machachu hutoa gesi, na mfuniko usiopumua unaweza kuruka na kuyamwaga yote sakafuni. Rudia mara mbili au tatu mwanzoni.

Endelea kwa mwendo usiobadilika, mbele na nyuma, takriban mara moja na nusu kwa sekunde. Kasi kubwa haisaidii, inachosha tu na kuyapasha malai joto.

Sikiliza, maana chombo kitakueleza kila kinachoendelea ndani. Dakika za mwanzo utasikia mchapo wa majimaji. Kisha malai yanaumuka, yanajaza chombo, sauti inafifia hadi karibu kimya, na mtungi unakuwa kama una kitu kimoja kizito kisichosogea. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani kazi imeharibika, ilhali ndiyo nusu ya safari. Ongeza nguvu kidogo. Ghafla, ndani ya mitikisiko michache, povu linavunjika, kuta za chupa zilizokuwa zimepakaa weupe zinasafika, na unasikia kitu kikianguka majini: chubwi, chubwi.

Punguza mwendo mara moja, uchungulie. Unatafuta chenga za manjano zenye ukubwa wa punje za mtama au mchele, zikielea kwenye mtindi mwembamba. Zikiwa ndogo kama chembe za sembe, zungusha chombo polepole mara 20 nyingine. Zikifika ukubwa wa mchele, acha. Usisubiri ziwe bonge moja kubwa, kwa kuwa bonge hufungia mtindi ndani yake, na mtindi huo hautoki tena kwa kuosha.

Katika mfano wetu siagi ilitoka dakika ya 26. Muda wa kawaida ni dakika 20 hadi 40.

Zikipita dakika 45 bila siagi, acha kusukasuka upime. Kama malai yana nyuzi zaidi ya 18, na hasa ukiona mng'ao wa mafuta juu, yarudishe kwenye jokofu saa mbili nzima. Kama yako chini ya nyuzi 11 na ni povu tupu, simamisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, ukiizungusha, hadi yafike 14. Kama joto ni sahihi na bado hakuna kitu, basi malai yako ni mepesi mno au chombo kimejaa, kwa hiyo gawa malai uyasukesuke kwa mafungu mawili.

## Hatua ya 5: Kuosha na kukanda

Mimina kila kitu kwenye chujio lililowekwa juu ya bakuli. Mtindi unaoshuka ni kinywaji kizuri siku hiyohiyo.

Rudisha chenga kwenye mtungi, ongeza maji ya baridi kiasi sawa na mtindi uliotoka, zungusha polepole kama nusu dakika, kisha mwaga. Rudia hadi maji yatoke angavu, kwa kawaida mara tatu. Maji yawe na ubaridi unaokaribiana na wa siagi au uzidi kidogo. Ya uvuguvugu yatayeyusha siagi, na ya barafu yataifanya ikatikekatike kama chaki.

Kisha weka siagi kwenye bakuli na uikande kwa mgongo wa mwiko wa mti uliolowekwa kwenye maji baridi, ukiibandika ukutani, ukiikunja na kuinamisha bakuli ili maji yashuke. Utaona matone yakitoka kwenye mikunjo. Acha yanapokoma.

Wapo wanaosema kwamba kuosha hakuna maana kwa kuwa siagi itachemshwa. Sikubaliani nao. Mtindi uliobaki una protini na sukari ya maziwa, na hivyo ndivyo vinavyounguza kitako cha sufuria kabla maji hayajaisha. Siagi iliyooshwa hutoa mashapo machache, na inakupa muda wa kutosha kuona ni lini uiepue.

Tulipata gramu 460 za siagi. Kama unataka kuila hivyo ilivyo, tenga sehemu yako sasa na ukande ndani yake chumvi laini, kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo au pungufu, uile ndani ya wiki mbili ikiwa kwenye jokofu. Siagi ya kufanya samli isitiwe chumvi.

Iyeyushe siku hiyohiyo, au kesho yake kama una jokofu. Kurundika siagi juma zima kabatini hadi ijae kopo ni njia ya hakika ya kupata samli chungu, kwa sababu kuchemsha huondoa maji, lakini hakurudishi nyuma uharibifu uliokwisha kuingia kwenye mafuta.

## Hatua ya 6: Kuyeyusha na kupata samli

Siagi yako ina mafuta kama asilimia 80 hadi 82. Karibu yote yaliyobaki ni maji, pamoja na protini kidogo. Kazi ya hatua hii ni kuyatoa maji yote, na kukausha protini bila kuiunguza.

Kata siagi vipande, uiweke kwenye sufuria nzito juu ya moto mdogo. Kwenye jiko la mkaa, ondoa makaa hadi libaki tabaka moja, au funika makaa kwa majivu kidogo. Usitumie sufuria ya shaba, ya shaba nyeupe iliyochakaa bati lake, wala chuma chenye kutu, kwani chembechembe za madini hayo huharakisha kuchacha kwa mafuta. Usifunike, kwa sababu maji yanayogonga mfuniko hurudi chini.

Kuyeyuka. Ndani ya dakika tano siagi inakuwa kimiminika chenye ukungu na povu jeupe juu. Koroga hadi kitako.

Kuchemka. Mapovu makubwa yanapasuka na unasikia mlio wa kutatarika, kama mvua kubwa juu ya bati la mbali. Huo ni mlio wa maji yakiondoka. Joto litakaa karibu na nyuzi 100 na halitapanda hata ukisubiri, mpaka maji yaishe. Usiongeze moto kwa kukosa subira, maana povu litafura na kumwagikia jikoni, na mafuta yanayomwagikia moto huwaka. Yakiwaka ndani ya sufuria, funika kwa mfuniko na uzime jiko. Usimwage maji kamwe.

Kutulia. Baada ya dakika 15 hadi 20 hivi, mlio unapungua, mapovu yanakuwa madogo, na ukisukuma povu pembeni unaona mafuta angavu ya dhahabu na mashapo meupe chini. Wengi huepua hapa, na hapa ndipo samli inayonuka baada ya wiki tatu inapozaliwa. Inaonekana safi, lakini bado ina maji.

Kuiva. Joto sasa linapanda haraka, kutoka 103 hadi 110 ndani ya dakika chache. Povu la pili linatokea, laini kama la sabuni, na mashapo yanaanza kubadilika rangi. Usiondoke jikoni, usipokee simu. Sogeza mashapo kwa mwiko mkavu kila wakati. Yakifika rangi ya karanga zilizokaangwa, na harufu ikiwa ya karanga na maziwa yaliyopikwa, epua mara moja. Kipimajoto kitakuwa kwenye nyuzi 115 hivi, na kisipite 120. Kumbuka kwamba sufuria nzito inaendelea kupika hata nje ya moto, kwa hiyo simamisha kitako chake kwenye beseni lenye maji kidogo, ukichunga yasirukie ndani.

Kipimo ninachokiamini zaidi ya macho ni hiki: chukua mfuniko wa bati ulio baridi na mkavu kabisa, ushikilie juu ya sufuria kwa sekunde tano, kisha ugeuze. Ukiona ukungu wa mvuke upande wa chini, maji bado yapo. Ukitoka mkavu, na masikio yako hayasikii mlio, maji yamekwisha.

Mashapo yakiwa meusi na harufu ni ya moshi, umechelewa. Samli hiyo ni salama kwa kukaangia lakini ni chungu, na uchungu hautoki kwa kuchuja.

## Hatua ya 7: Kuchuja

Acha sufuria itulie dakika 15 hadi 20, mashapo yakae chini na samli ishuke kwenye joto la nyuzi 60 au 70, ambapo inatiririka bado lakini haiwezi kupasua chupa. Mimina polepole kupitia kitambaa, ukiacha kijiko cha mwisho chenye mashapo. Hicho usikikamue kwenye chupa. Kile siku hiyohiyo kwa mkate au ugali moto, kwa sababu mashapo yana protini na hayadumu.

Kitambaa kiwe kikavu kweli, na chupa vivyo hivyo. Niliwahi kuosha chupa, nikaipangusa kwa taulo na kuijaza nikiamini imekauka. Siku ya tatu niliiinua dirishani nikaona duara dogo la kijivu limetulia katikati ya kitako, halizidi sarafu. Yalikuwa matone mawili matatu tu ya maji. Mwezi haukuisha kabla samli yote haijaanza kunuka. Tangu hapo chupa naiosha jana yake, naianika juani imepinduliwa, kisha naiweka kwenye oveni ya moto mdogo dakika kumi, au naishikilia juu ya joto la jiko hadi ukungu wa ndani upotee.

Gramu 460 za siagi zilitupatia gramu 350 za samli, ambazo ziliijaza chupa ya mililita 400 karibu hadi shingoni.

## Hatua ya 8: Kuhifadhi

Jaza chupa hadi karibu na mfuniko, maana hewa inayobaki juu ndiyo inayochachusha mafuta. Kama unatengeneza nyingi, tumia chupa ndogo kadhaa badala ya kopo moja kubwa, ili unayoitumia iwe moja na nyingine zisifunguliwe. Funika kwa kitambaa kikavu hadi samli ipoe kabisa, kisha kaza mfuniko. Ukikaza ikiwa moto, unyevu wa hewa iliyonaswa unaweza kuganda chini ya mfuniko na kudondoka ndani.

Samli ikipoa polepole hufanya chenga laini, na juu inaweza kubaki mafuta mepesi. Hiyo si dalili ya kuharibika. Kwenye baridi ya Njombe itaganda nzima. Kwenye joto la Tanga itakaa nusu kimiminika, nayo ni nzima vilevile.

Baada ya siku tatu, ukiwa bado una nafasi ya kusahihisha, iyeyushe chupa kwenye maji ya uvuguvugu na uitazame mbele ya mwanga. Ukiona ukungu au tone chini, irudishe sufuriani, uichemshe hadi mfuniko utoke mkavu, uichuje upya kwenye chupa nyingine. Marekebisho haya yanafaa siku za mwanzo tu, kabla harufu haijabadilika.

Weka chupa kabatini, mbali na jiko na mwanga. Kioo cheupe kifungwe karatasi, kwa kuwa mwanga pia huharibu mafuta. Ikiwa haijafunguliwa na haina maji, hukaa miezi 6 bila shida, na kwenye jokofu hufika mwaka. Ikishafunguliwa, panga kuimaliza ndani ya miezi miwili au mitatu. Kila unapochota, kijiko kiwe kikavu, kisitoke kwenye sufuria ya wali wala kwenye mkono uliotoka kunawa.

Harufu ya rangi ya mafuta au karanga za zamani inaonesha kuwa samli imechachishwa na hewa au mwanga. Harufu ya jibini, au ladha ya sabuni ulimini, inaonesha kuwa kulikuwa na maji, au malai hayakupashwa moto ipasavyo, au siagi ilikaa sana kabla ya kuyeyushwa. Ukungu juu maana yake ni maji tu. Samli ya aina yoyote kati ya hizi tatu usiichanganye na mpya kwa kuona hasara, kwa kuwa kijiko kimoja cha iliyochacha huanzisha uharibifu katika chupa nzima.